Upangaji wa mahitaji ya msimu katika biashara ya mtandaoni

Upangaji wa mahitaji ya msimu ni kazi ya kukadiria ni kiasi gani cha bidhaa kitatakiwa sikukuu, shule zikifunguliwa au wakati wa likizo, na kuagiza mapema ili mzigo uwe mkononi kabla wateja hawajaanza kuulizia. Makala hii inatumia mfano wa muuzaji wa kanzu za watoto wa Dar es Salaam anayeuza kwa Instagram na WhatsApp, na ambaye mzigo wake unashonwa Guangzhou, China. Bei na idadi zake ni za mfano.

Ugumu wa kwanza uko kwenye kalenda. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa kawaida kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Idi el Fitri iliyoangukia 10 Aprili 2024 ilirudi hadi 30 au 31 Machi mwaka 2025, na 20 au 21 Machi mwaka 2026, kutegemea mwandamo. Anayelinganisha mauzo ya Machi na Machi ya mwaka uliotangulia atadhani biashara imepaa au imeanguka, kumbe ni sikukuu iliyohama. Mauzo ya namna hii huhesabiwa kwa siku zilizobaki kabla ya Idi.

Kwa Idi ya 2026, muuzaji alitaka mzigo uwe ghalani ifikapo 22 Februari, siku chache baada ya mfungo kuanza. Meli, forodha na usambazaji alivitengea wiki 8, na hesabu ikamrudisha 28 Desemba. Ushonaji ni wiki 3, kwa hiyo malipo ya awali yalitakiwa 7 Desemba. Angechelewa, angegonga Mwaka Mpya wa Kichina, ulioangukia 17 Februari 2026, ambapo viwanda hufungwa na mafundi hurudi kwao siku kadhaa kabla. Tatizo ni kwamba mwanzoni mwa Desemba fedha yake yote ilikuwa imelala kwenye nguo za Krismasi, ambazo zilikuwa hazijauzika. Wengi hukwama hapa: wanajua cha kuagiza, ila mtaji bado uko kwenye msimu mwingine. Ndege huokoa wiki kadhaa, lakini kwa kanzu ya bei nafuu nauli yake inaweza kumeza faida yote.

Kuhusu idadi, daftari la mauzo hudanganya pale bidhaa ilipokwisha. Mwaka uliotangulia muuzaji huyu aliuza kanzu 60 za saizi 8, zikaisha siku 12 kabla ya Idi. Sitini ni idadi ya alizokuwa nazo. Waliozitaka walikuwa wengi zaidi. Saizi ambazo hazikuisha zilionyesha kwamba hadi siku ile ni asilimia 40 tu ya mauzo ya msimu ndiyo yaliyokuwa yamefanyika, kwa sababu wazazi wengi hununua kumi la mwisho. Basi 60 ugawe kwa 0.4, unapata 150. Alipunguza hadi 130, maana baadhi ya waliokosa saizi 8 walichukua saizi 10, na hao tayari wamo kwenye hesabu ya saizi hiyo. Muuzaji wa mtandaoni ana ushahidi ambao mwenye duka hana: ujumbe wa "Saizi 8 ipo?" hubaki kwenye simu. Wakihesabiwa walioulizia baada ya stoku kuisha, makadirio hupata pa kuegemea, ingawa si kila anayeulizia hununua.

Kisha hupimwa hasara ya pande mbili. Kanzu inayomfikia kwa shilingi 12,000 huuzwa 22,000, na iliyobaki baada ya Idi huondoka kwa 9,000. Kumkosesha mteja ni kupoteza faida ya 10,000. Kubakiwa na kanzu ni hasara ya 3,000. Hapo inafaa kuagiza zaidi kidogo ya makadirio. Gauni la mtindo la 35,000, linalouzwa 50,000 na baadaye 20,000, lina hasara ya 15,000 pande zote mbili, kwa hiyo halistahili kuongezwa hata moja juu ya makadirio.

Sare za shule za Januari ni rahisi zaidi. Shati jeupe na kaptula ya buluu havipitwi na wakati, na vikibaki huuzwa taratibu mwaka mzima. Hatari iko kwenye sweta zenye nembo, kwani shule ikibadili rangi hazina mnunuzi mwingine.

Msimu wa mtandaoni pia hufungwa mapema kuliko wa dukani. Mzigo wa mkoani hupakiwa kwenye basi, kwa hiyo oda za Mwanza au Kigoma husitishwa siku 4 au 5 kabla ya Idi, na za jijini huendelea kwa bodaboda hadi mkesha. Stoku ya siku hizo za mwisho ikadiriwe kwa wateja wa karibu tu. Kanzu nyeupe zikibaki zina nafasi ya pili kwenye Idi ya kuchinja, takriban siku 70 baadaye, kwa hiyo haifai kuzitupa kwa bei ya hasara wiki ya kwanza.