Protini na Ukuta: Katika Kutofautisha Maji ya Mapafuni na Kichomi

Katika mihutasari ya mtihani wa fiziolojia ipitayo mikononi mwa wanafunzi hapa Lubumbashi, aghalabu huandikwa kwamba maji ya mapafuni yatokanayo na moyo, na kichomi, ni hali moja yenye asili mbili, kwa kuwa katika zote vifuko vya hewa hujaa, na damu ipitayo hapo hurudi moyoni bila kupata oksijeni ya kutosha. Juu ya upungufu wa oksijeni hatuna ugomvi. Tunaloteta nalo ni kule kuyahesabu maji hayo kuwa mamoja, ilhali protini iliyomo ndani yake hushuhudia kinyume.

Ernest Starling alibainisha mwaka 1896 kwamba maji hukaa ndani ya kapilari kwa mizani ya nguvu mbili, shinikizo la damu liyasukumalo nje na mvuto wa protini uyarudishao. Mapafuni shinikizo hilo ni kama milimita 7 za zebaki, na mvuto kama 28. Upande wa kushoto wa moyo udhoofikapo, damu hurundikana nyuma yake, na shinikizo likipanda ghafula kupita kama 25, limfu hushindwa kuyaondoa maji, nayo hufurika vifukoni; illa ukuta ungali mzima, na huzuia sehemu kubwa ya protini. Katika kichomi shinikizo laweza kuwa la kawaida kabisa: bakteria na uvimbe wauletao ndio walioulegeza ukuta wenyewe, hata protini, fibrini na chembe nyeupe zikatoka pamoja na maji.

Natuchukue mfano wa mgonjwa ambaye plazima yake ina gramu 70 za protini kwa lita. Maji yaliyovutwa kifuani kwa mpira yakiwa na gramu 35, uwiano ni 0.5, nao ni chini ya 0.65, mpaka uliozoeleka wa kuushuku moyo. Yakiwa na gramu 60, uwiano ni 0.86, na lawama huuangukia ukuta. Sharti maji hayo yachukuliwe mapema, maana seli za vifuko husukuma sodiamu nje, maji huifuata, protini ikabaki nyuma. Basi sampuli iliyochelewa humsingizia mgonjwa wa moyo ukuta mbovu.

Mpinzani atasema kwamba kichomi kikali huweza kuharibu kuta za mapafu yote mawili, maji yakajaa bila shinikizo kupanda, na hali hiyo nayo ikaitwa maji ya mapafuni. Ni kweli, lakini protini yake nyingi huiweka upande wa kichomi, na hivyo jina ndilo lililopotosha, wala si kipimo. Kwa hiyo mtahiniwa na aanze jibu lake kwa kuuliza kama ukuta u mzima, ndipo ataje ugonjwa. Ingawa uwiano huo, tukiri, huonyesha hali ya ukuta tu, wala hauwezi kumtaja mdudu aliyeuharibu.