Mpaka kati ya Kilichosemwa na Kilichodhaniwa katika Maswali ya Ufahamu

Maswali ya ufahamu yanayomtaka msomaji aamue kama kauli fulani ni kweli, si kweli, au haiwezekani kusema, hutumika katika mitihani ya lugha kama IELTS na katika majaribio ya kuchuja waombaji wa kazi. Ugumu wake hauko kwenye msamiati, bali kwenye jibu la tatu, ambalo wasomaji wengi hulichukulia kuwa ni kukiri kutojua. Makala hii inashikilia kwamba jibu hilo ni dai kamili linalohitaji kuthibitishwa kama yale mengine mawili, kwa kuwa linaeleza uhusiano uliopo kati ya matini na kauli, wala halihusu kiasi cha maarifa alichonacho msomaji.

Uhusiano huo unaonekana vizuri katika kifungu kifupi kilichotungwa kwa ajili ya mjadala huu: "Kiwanda cha samaki kilinunua mashine ya kukaushia mwaka 2019. Tangu mwaka huo, kiasi cha samaki wanaoharibika kimepungua kwa nusu. Zaidi ya nusu ya wafanyakazi ni wanawake, na baadhi ya wanawake hao wamefundishwa kuendesha mashine hiyo." Kauli kwamba wanaume ni wachache kuliko wanawake kiwandani ni kweli, ingawa haikuandikwa popote, kwa sababu haiwezekani kukubali kifungu kisha kuikataa. Kauli kwamba uharibifu wa samaki umeongezeka tangu 2019 si kweli, kwa kuwa haiwezi kusimama pamoja na sentensi ya pili.

Kauli inayowanasa wengi ni ile isemayo kwamba mashine ndiyo iliyopunguza uharibifu. Kifungu kinataja matukio mawili yaliyofuatana, na msomaji, kwa mazoea ya kutafuta sababu, huyaunganisha bila kutambua kwamba kiungo hicho amekileta yeye mwenyewe. Njia ya kujihakikishia ni kujenga hali mbili ambazo kila moja inakubaliana na kila neno la kifungu: katika hali ya kwanza mashine ndiyo iliyookoa samaki, katika ya pili mashine iliharibika mapema, na nafuu ikaletwa na barabara mpya iliyofupisha safari ya kwenda sokoni. Kwa kuwa hali zote mbili zinawezekana, na kauli ni kweli katika moja na si kweli katika nyingine, jibu la tatu limethibitishwa. Kauli kwamba hakuna mwanamume aliyefundishwa kuendesha mashine hupimwa vivyo hivyo, kwani kifungu hakikusema lolote kuhusu mafunzo ya wanaume, na ukimya si kanusho.

Hata hivyo, kipimo hiki kina mipaka, na hapo lawama huwahusu watunzi wa maswali kuliko watahiniwa. Kauli kwamba wapo wanawake kiwandani ambao hawajafundishwa hutegemea namna neno "baadhi" linavyosomwa. Kimantiki, neno hilo linadai kwamba yupo angalau mmoja, nalo halizuii kwamba ni wote; lakini katika mazungumzo ya kawaida, anayesema "baadhi" hueleweka kuwa anamaanisha si wote. Mwanafalsafa Paul Grice, katika makala yake iliyochapishwa mwaka 1975, alieleza kwamba maana ya namna hii hudokezwa na msemaji bila kuwa sehemu ya kile alichokisema, na ndiyo maana anaweza kuongeza "na pengine wote" bila kujipinga. Kwa hoja hiyo jibu sahihi ni kwamba haiwezekani kusema, lakini swali linalomwadhibu mtahiniwa kwa kusoma lugha kama inavyozungumzwa halipimi ufahamu, na linafaa kuondolewa.

Agizo la kutumia kifungu peke yake nalo haliwezi kufuatwa kwa ukamilifu, kwa sababu hata hesabu iliyotumika kuhusu wanaume na wanawake imetoka nje ya matini. Kinachokatazwa ni maarifa kuhusu mambo ya ulimwengu yanayoweza kuwa vingine, si maana za maneno wala hesabu. Jaribio la Watson na Glaser la fikra tunduizi liliweka mpaka huu mahali pengine: sehemu yake ya makisio ina majibu matano, yakiwamo "huenda ni kweli" na "huenda si kweli", na humruhusu mtahiniwa kutumia maarifa yanayojulikana na watu wote. Chini ya masharti hayo, kauli kuhusu mashine na samaki ingeweza kupewa jibu la "huenda ni kweli", ingawa hakuna neno hata moja lililobadilika katika kifungu.