Uhakiki wa awali wa andiko la shindano

Uhakiki wa awali ni ukaguzi ambao waratibu wa shindano la uandishi hufanya kabla majaji hawajasoma, ili kuamua kama andiko limetimiza masharti ya mada, urefu na umbo. Haupimi ubora: insha nzuri sana inaweza kuondolewa, na dhaifu ikapita.

Tuseme shule moja ya Kigoma imeitisha insha za maneno 800 hadi 1,000, zisizo na jina la mwandishi, kuhusu kufungwa kwa uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Insha moja inasimulia Stanley alivyomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, kisha inagusia kufungwa kwa ziwa katika aya ya mwisho. Kompyuta inahesabu maneno 1,012. Kati ya hayo, 14 ni ya kichwa, jina na shule. Kwa kuwa masharti yanahesabu mwili wa insha pekee, yanabaki 998, na urefu unakubalika. Jina ni kosa la umbo linalorekebishika: mratibu hulifuta na kuweka namba ya siri.

Mada ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu kutaja jambo si kulijadili. Kipimo cha kuaminika ni kuiondoa aya inayogusa mada na kuona kama hoja kuu inabaki nzima. Hapa inabaki. Uamuzi unaoandikwa ni “haistahili”, pamoja na sharti lililokiukwa, na mkaguzi wa pili huuthibitisha bila kuona alichoandika wa kwanza.