Ekari 3,830 za Nyamira Zilikwenda Wapi?

Sensa ya 2009 iliipa Kaunti ya Nyamira eneo la kilomita za mraba 912.5. Sensa ya 2019 ikaipa 897. Pengo ni kilomita za mraba 15.5, na anayepitisha macho juu ya jedwali hawezi hata kusita. Ligeuze pengo hilo liwe hekta, zinatoka 1,550. Ligeuze tena liwe ekari, zinafika 3,830 hivi, na katika nchi ya Abagusii, ambako ndugu hushtakiana kwa robo ekari, tarakimu hiyo inatosha kuwasha moto kwenye baraza la chifu. Lakini hakuna mlima uliohama wala shamba lililomezwa. Eneo linaloandikwa kwenye jedwali la sensa ni zao la ramani na mipaka iliyotumika kulipima, na vikibadilika hivyo, tarakimu nayo hubadilika. Hoja yangu ni kwamba wanaolinganisha ukubwa wa Kisii na Nyamira mara chache hupotoka kwa kushindwa hesabu ya kuzidisha. Hupotoka kwa sababu hubadilisha vipimo kabla ya kuuliza tarakimu waliyoishika imetoka sensa ipi.

Mchanganyiko huu wa vipimo una historia. Serikali ya kikoloni iliandika ukubwa wa wilaya kwa maili za mraba na ukubwa wa mashamba kwa ekari, na viwili hivyo vilipatana, kwani maili moja ya mraba ni ekari 640 kamili. Hata mpango mkubwa wa kuwapa Waafrika mashamba ya walowezi, ulioanza mwaka 1962 na ambao baadhi ya skimu zake ziko Borabu, ulijulikana kwa ekari: mpango wa ekari milioni moja. Baada ya uhuru Kenya ikaingia kwenye mfumo wa metriki. Wilaya zikahamia kilomita za mraba na hati miliki zikahamia hekta, ila soko la ardhi halikuhama. Mnunuzi wa Keroka au Suneka bado anauliza bei ya ekari, na ploti ya futi 50 kwa 100 bado inaitwa thumuni ya ekari ingawa inapungukiwa: thumuni halisi ni futi za mraba 5,445, na ploti hiyo ina 5,000 tu. Ndiyo maana mtu huyohuyo husoma hekta kwenye hati, akafikiri kwa ekari, kisha akasikia habari za kaunti yake kwa kilomita za mraba.

Kanuni zenyewe ni chache. Kilomita ya mraba ina hekta 100, na hekta ina ekari 2.47105, yaani 2.471 kwa kifupi. Kosa la kwanza ni kugawa hekta kwa 1,000 badala ya 100, kwa kuwa kilomita ina mita 1,000. Hilo hujifichua lenyewe, maana Kisii yenye hekta 132,300 ingekuwa na kilomita za mraba 132 tu, na kila mkazi wake angejua kuna walakini. Kosa la pili halipigi kelele. Watu wengi huhesabu hekta kuwa ekari mbili na nusu. Kwa shamba la hekta moja tofauti ni ndogo kuliko upana wa ua wa mpakani, lakini kwa Kisii nzima jibu linakuwa ekari 330,750 badala ya 326,920. Zimezaliwa ekari 3,830 ambazo hazipo popote. Kwa sadfa tu, hizo ni sawa na zile zilizoonekana kuyeyuka Nyamira. Mwandishi anayetumia 2.5 kwa kaunti moja na 2.471 kwa nyingine anaweza kuumba au kufuta pengo zima bila kujua.

Atasema mtu kwamba asilimia moja au mbili si kitu. Kwa maswali mengine ni kweli, lakini tazama msongamano wa watu. Nyamira ilikuwa na watu 598,252 mwaka 2009, yaani 656 kwa kila kilomita ya mraba. Mwaka 2019 walikuwa 605,576, na msongamano ukasomeka 675. Ongezeko ni watu 19 kwa kila kilomita ya mraba, na ni rahisi kuandika kwamba Nyamira inazidi kubanana. Sasa tumia eneo moja kwa miaka yote miwili. Kwa kilomita za mraba 912.5, msongamano wa 2019 ni 664, ongezeko la watu 8. Kwa 897, ule wa 2009 unakuwa 667, na ongezeko ni 8 vilevile. Zaidi ya nusu ya ule msongamano ulioongezeka haikuletwa na watoto waliozaliwa wala wageni waliohamia, bali na kubadilika kwa kigawanyo.

Njia ya kuligundua jambo hili ni kujumlisha. Katiba ya 2010 ilizijenga kaunti 47 juu ya wilaya zilizotambuliwa na sheria ya 1992, na ndiyo sababu Gucha, iliyokatwa kutoka Kisii baada ya hapo, haikuwa kaunti. Kisii na Nyamira za leo kwa pamoja ndiyo ile wilaya kongwe ya Kisii, ambayo sensa ya 1979 iliipa kilomita za mraba 2,196. Jumla ya kaunti hizo mbili mwaka 2009 ilikuwa 2,230, na mwaka 2019 ikawa 2,220. Nchi ni ileile, majibu matatu, na kati ya dogo na kubwa kuna kilomita za mraba 34. Basi anayetangaza kwamba Nyamira ina ekari 221,653 anadai usahihi ambao chanzo chake hakina. Aseme laki mbili na elfu ishirini hivi, atakuwa mkweli zaidi.

Wapo watakaoyaona mapengo haya kuwa ushahidi kwamba Kisii imeimega Nyamira, hasa wakikumbuka mvutano wa Keroka, mji uliokaa mpakani na ambao kaunti zote mbili hudai ushuru wake. Ni kweli kwamba kati ya sensa hizo mbili eneo la Kisii lilipanda kutoka 1,317.5 hadi 1,323. Lakini lilipanda kwa 5.5 wakati la Nyamira lilishuka kwa 15.5. Mpaka uliosogezwa kati yao ungempa mmoja kile alichopoteza mwingine. Wengine watasema eneo ni pesa, kwani fomula ya kwanza ya mgao wa kaunti iliupa ukubwa wa ardhi uzito wa asilimia 8. Ni sawa, ila fomula hiyo iliweka kima cha chini cha asilimia 1 ya eneo la nchi kwa kila kaunti, ambacho ni sawa na kilomita za mraba 5,800 hivi. Kaunti zote mbili ziko chini kabisa ya hapo, kwa hiyo zilihesabiwa sawa.

Hatimaye kuna wanaotaka tuachane na ekari. Sioni haja. Kwa msomaji wa Gusii, ekari ndiyo kipimo anachoweza kukitembea kwa miguu, mradi hesabu ifanywe kwa kilomita za mraba kutoka jedwali moja na ekari zije mwishoni. Kwa sensa ya 2019, Kisii yenye watu 1,266,860 inampa kila mtu karibu robo ekari, na Nyamira inampa 0.37, barabara, mito na miji ikiwemo. Irudishe Nyamira kwenye lile eneo la 2009, na bado ni 0.37.