Maombi ya Kuhama Divisheni Ndani ya Halmashauri: Mfano wa Wilaya ya Kyela

Mtumishi wa Halmashauri anayetaka kuhamia divisheni au kitengo kingine hukoHuko alipo hahitaji kibali cha Dodoma, mradi abaki katika kada yake. Mwenye mamlaka ya kumpangia kazi ni Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri. Maombi ya kwenda kwa mwajiri mwingine yana utaratibu wake na hayahusiki na makala haya.

Tuchukue mfano wa Afisa Kilimo anayehudumia kata ya Ipinda, wilayani Kyela, mkoani Mbeya. Ana shahada ya uchumi kilimo, na anaomba kutoka Divisheni ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi kwenda Divisheni ya Mipango na Uratibu. Jambo la kwanza analopaswa kujiuliza ni kama anaomba majukumu mapya au kada mpya. Akiomba kufanya kazi za mipango huku akibaki Afisa Kilimo, barua ya Mkurugenzi inatosha, na cheo na ngazi yake ya mshahara havibadiliki. Akiomba kuwa Mchumi, hayo ni maombi ya kubadilishwa kada. Hapo lazima awe na sifa zinazotajwa katika muundo wa kada hiyo, nafasi iwe imetengwa kwenye ikama, na kibali kitoke Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora. (Wakazi wa Kyela wanaijua Ikama kama jina la kata, hapa tunazungumzia idadi ya watumishi iliyoidhinishwa kwa kila kada.) Barua inayochanganya mambo haya mawili hukwama, kwa kuwa Mkurugenzi hawezi kutoa kibali kisicho chake.

Barua huandikwa kwa Mkurugenzi Mtendaji kupitia kwa Mkuu wa Divisheni anayomtumikia mwombaji. Ikimruka mkuu huyo, kwa kawaida hurudishwa ili atoe maoni yake kwanza.

Katika aya ya sifa, shahada hutajwa kwa sentensi moja. Kinachohitaji nafasi ni kazi ambayo mwombaji amekwisha kuifanya na inayofanana na ile anayoiomba. Afisa wetu anaweza kuandika: "Kwa misimu mitatu nimekusanya takwimu za eneo lililolimwa na mavuno ya mpunga na kakao katika kata, nimezihakiki pamoja na Watendaji wa Vijiji, na nimeshiriki kuandaa mpango wa kata uliowasilishwa Halmashauri." Sentensi hiyo inaweza kuthibitishwa kwenye taarifa zake za kila mwezi na katika majukumu yake kwenye mfumo wa PEPMIS. Sentensi isemayo "nina uwezo mkubwa wa uchambuzi" haina pa kuhakikiwa. Kama hajawahi kutumia PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti wa Halmashauri, ni heri aseme hivyo na aombe kuelekezwa.

Sehemu inayoamua maombi mengi, kwa maoni yetu, ni ile ya pengo atakaloliacha. Mkuu wa Divisheni anayesoma barua hii hafikirii shahada. Anafikiria nani ataonekana shambani Ipinda. Kuandika kwamba "wenzangu wataendelea na kazi" hakumjibu. Mwombaji ataje kazi zenyewe: kuwatembelea wakulima, kuhuisha daftari la wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, na kuandika taarifa ya mwezi. Kisha aeleze kila moja itashikwa na nani. Kwa mfano, afisa ugani wa kata jirani achukue ziara kwa siku mbili za wiki, na daftari libaki kwa Watendaji wa Vijiji chini ya uangalizi wake. Afisa huyo awe amekwisha kuulizwa na kukubali. Akiitwa na Mkuu wa Divisheni na kusema hana habari, maombi yamekwisha.

Tarehe nayo ina uzito. Mvua za Machi na Aprili hufurika mabondeni Kyela, na baadaye hufuata mavuno ya mpunga. Kuondoka wakati huo ni kuiacha kata bila mtu wa kuhesabu hasara wala mavuno. Upande wa pili, Divisheni ya Mipango huelemewa zaidi bajeti inapoandaliwa, kabla ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Kwa hiyo afisa wetu angeomba kuhama baada ya mavuno kupimwa, mathalani mwezi Agosti. Angepata miezi kadhaa ya kujifunza kabla ya bajeti inayofuata, na angeahidi kupatikana siku moja kwa wiki katika mwezi wa kwanza kwa ajili ya kumwelekeza anayempokea.

Barua ikishapokelewa masijala, mwombaji achukue nakala yenye muhuri wa tarehe. Wiki kadhaa zikipita bila jibu, aulize jalada liko kwa nani. Mara nyingi huwa bado linasubiri maoni ya Mkuu wa Divisheni. Hadi barua ya kupangiwa kazi itoke, kituo chake ni kilekile. Ikitoka, huandaliwa hati ya makabidhiano inayotaja pikipiki, kishikwambi, daftari na kazi zisizokamilika. Anayekabidhi na anayepokea hutia saini, na nakala moja huwekwa kwenye jalada.