Mjadala darasani: kumjibu anayesema ukoloni wa Wabeleji ulileta mema zaidi

Katika masomo ya sekondari, mjadala juu ya ukoloni unarudi kila mwaka, na upande unaotetea Wabeleji huanza karibu kila mara kwa neno moja: walijenga. Barabara, njia ya reli, masomo, hospitali. Upande wa pili ukikataa kwamba vilijengwa, umeshapoteza. Vilijengwa, na vingine vingali vinatumika. Afazali kukubali haraka, kisha kuuliza: kwa mikono ya nani, na juu ya kubeba nini?

Reli ya Matadi mpaka Leopoldville (leo Kinshasa) ndiyo mfano unaofaa. Ilijengwa kati ya 1890 na 1898, kwa sababu maporomoko ya mto yalizuia meli, na pembe za ndovu zilikuwa zinabebwa kichwani na wapagazi mpaka bandarini. Hesabu rasmi zinataja wafanyakazi Waafrika karibu 1,800 waliokufa, na Wazungu 132. Kisha mwanafunzi aonyeshe ramani. Reli zinatoka kwenye madini ao mto na kwenda bandarini, sawa ile ya kutoka mto Lualaba iliyofika Kalemie kwenye ziwa Tanganyika mwaka 1915. Goma na Bukavu, hata leo, hakuna reli inayounganisha miji hiyo miwili na inchi nzima. Mtu anayejenga juu ya wenyeji hapangi reli namna ile.

Hapo mpinzani mwerevu atasema: mateso yalikuwa ya Mfalme Leopold, na Ubeleji ilipochukua inchi mwaka 1908 mambo yalibadilika. Hii ndiyo hoja yake yenye nguvu, na wengi hukwama hapa kwa sababu wamejiandaa na habari ya mpira na mikono iliyokatwa tu. Jibu ni pamba.

Kuanzia 1917 serkali ya koloni ililazimisha vijiji kulima mazao iliyoyachagua yenyewe. Katika Maniema na Uele, zao hilo lilikuwa pamba. Agronomi alipima kiwanja cha kila mwanaume na kusema lini kulima na lini kupalilia. Wakati wa kuvuna, mlimaji hakuwa na ruhusa ya kutafuta mnunuzi mzuri: kila kampuni ilipewa eneo lake, na bei ilipangwa na serkali. Aliyekataa alifungwa ao kupigwa fimbo ya ngozi ya kiboko. Sheria ilitaja siku 60 kwa mwaka za kazi hiyo ya lazima, na wakati wa vita ya pili ya dunia zikapandishwa mpaka 120. Siku 120 ni theluthi moja ya mwaka, na muhogo wa nyumbani nao unangojea. Leopold alikuwa amekufa tangu 1909. Kwa hiyo shuruti haikuwa tabia ya mfalme mmoja. Ilikuwa ndani ya sheria.

Juu ya masomo, tahazari inahitajika. Misioni zilifungua masomo ya msingi mengi sana, na kusema Wabeleji hawakufundisha ni uongo ambao mpinzani ataukamata mara moja. Shida ilikuwa dari. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa 1954 tu, miaka sita mbele ya uhuru. Tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani wenye diploma ya chuo kikuu hawakufika 30 katika inchi kubwa hivi. Katika jeshi la koloni, maofisa wote walikuwa Wazungu.

Jambo hilo ndilo linalojibu neno la mwisho ambalo wazee nao hulisema: "Wakati wa Wabeleji barabara zilikuwa nzuri, sisi wenyewe tumeharibu." Waliosema hivyo waliona barabara nzuri kweli, zikitengenezwa na watu wa vijiji, mara nyingi kwa lazima. Na viongozi waliokuja kisha wana makosa yao. Mwanafunzi asiwatetee, maana haikuombwa. Lakini tarehe 5 Julai 1960, siku tano baada ya uhuru, askari waliasi, na mmoja wa sababu ni kwamba jenerali wao Mbeleji, Janssens, aliwaambia hakuna kitakachobadilika. Jeshi lisilo na ofisa mwenyeji hata mmoja liliachwa hivyo kwa mpango, halikuharibiwa na uhuru.

Kitu kimoja cha kuacha nyumbani: idadi ya waliokufa chini ya Leopold. Milioni kumi inatajwa mara nyingi, lakini hakuna hesabu ya watu iliyofanywa mbele ya hapo, na wanahistoria wanabishana. Mpinzani akiishambulia namba hiyo, dakika zote zitaishia hapo, na pamba haitasikika.