Mpaka wa Ruvuma: mstari wa wageni ambao hakuna aliyeufuta

Ukitoka Lisekese, Masasi, ukapanda uwanda wa Makonde hadi Newala, ukingo wa kusini unaporomoka ghafla na bonde la Ruvuma linaonekana lote chini yako. Ng'ambo ni Msumbiji. Wamakonde wako huku na wako kule, wenye lugha moja na koo zinazojuana, na katikati yao unapita mpaka wa kimataifa ambao wao hawakuulizwa.

Mstari huo ulikubaliwa tarehe 30 Desemba 1886 kati ya Ujerumani na Ureno. Walisema mpaka ufuate mto kuanzia mdomo wake hadi mto Msinje unapouingia, kisha unyooke kwenda Ziwa Nyasa. Miaka minane baadaye Wajerumani wenyewe waliuvunja. Mwaka 1894 waliichukua Kionga, kipande cha ardhi kusini mwa mdomo wa mto. Ureno ililalamika lakini haikuwa na nguvu ya kuwatoa, wala hakukuwa na mahakama ya kumwita Mjerumani. Kionga ilirudi mikononi mwa Wareno mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu, na Mkataba wa Versai wa 1919 ukawathibitishia.

Waingereza walipoitawala Tanganyika, walibadilishana barua na Ureno mwaka 1936 ili kufafanua mpaka ndani ya mto. Humo mna jambo ninalolipenda: wakazi wa kingo zote mbili waliruhusiwa kuchota maji, kuvua samaki na kuchukua mchanga wa chumvi katika upana wote wa mto. Walioandika walijua kwamba mpaka unaomnyima mtu chumvi na kitoweo hautaheshimiwa na yeyote.

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, Mwalimu Nyerere aliuandikia Umoja wa Mataifa. Mikataba ya nchi mbili iliyowekwa na Mwingereza ingeendelea kwa miaka miwili tu, wakati serikali ikiichambua. Baada ya hapo ingekoma, isipokuwa ile ambayo sheria ya desturi ya kimataifa inaidumisha. Kwa msimamo huo Tanganyika iliziambia Uingereza, Misri na Sudani mwaka 1962 kwamba mkataba wa maji ya Nili wa 1929 haukuifunga. Mpaka wa Ruvuma haukuguswa. Kwa desturi, mpaka uliokwisha kuwekwa haufi kwa sababu aliyeuweka ameondoka.

Julai 1964, mjini Kairo, Nyerere aliwasilisha hoja kwa viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kwamba kila nchi iheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru. Somalia ilikataa, Moroko haikukubali, wengine wakapitisha. Azimio hilo halikuwa na askari wala faini. Lilishika kwa sababu karibu kila kiongozi aliyekuwapo alikuwa na Wamakonde wake, watu waliokatwa na mstari. Aliyedai kipande cha jirani kwa hoja ya ukoo alijua kwamba kesho jirani mwingine angemdai yeye kwa hoja hiyo hiyo. Hofu hiyo ya pande zote imefanya kazi ambayo polisi wa dunia, kama angekuwapo, asingeiweza.

Haikutosha kila mahali. Idi Amin alipotangaza kulitwaa eneo la Kagera mwishoni mwa 1978, umoja huo haukumtoa. Lilimtoa jeshi la Tanzania. Lakini jeshi hilo lilifika Kampala, na Tanzania haikubaki na hata kijiji kimoja cha Uganda. Mpaka ulirudi palepale.

Kwa Ruvuma, Tanzania na Msumbiji huru ziliendelea na mstari ule. Mwaka 1988 zilitia saini mkataba wa mpaka wa baharini, na mwaka 2010 Daraja la Umoja lilifunguliwa Mtambaswala, ng'ambo hadi ng'ambo.

Jaribio gumu liko mwisho mwingine wa mstari, Ziwa Nyasa. Mkataba wa Mwingereza na Mjerumani wa 1890 uliweka mpaka ufukweni upande wetu, na Malawi inaushika kwa nguvu ya kanuni ya Kairo. Tanzania inadai mstari wa katikati ya ziwa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki haiwezi kuamua shauri hili bila ridhaa ya pande zote mbili, na usuluhishi ulioongozwa na Joaquim Chissano haujalimaliza. Hata hivyo wavuvi wanaendelea kuvua na hakuna jeshi lililovuka.

Nchi iliyopeleka hoja ile Kairo haiwezi kuikana inapoiumiza. Dai letu la Nyasa lithibitishwe kwa ramani za zamani, kwa matumizi ya wakazi na kwa mazungumzo, ndani ya sheria ile ile inayoilinda Newala.